Barua Iliyopigwa Muhuri

Oli, Arua
Jumapili, 3 Machi 2024

Mpendwa Mama Alice,

Nakusalimu kwa upendo. Mimi na mke wangu Sandra ni wazima, na paa la jiko letu bado linavuja mahali palepale unapopajua, kwa hiyo huku hakuna jipya.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Simu inamtaka mtu ajibu papo hapo, hata kama ana chungu motoni na moyo wake hauko hapo. Barua haina haraka. Ukipenda isome leo, ukipenda iweke chini ya godoro mpaka maharage yakomae. Haitakuita mara ya pili.

Sikuandikii ili nikuulize kitu. Najua umehamia Abuku kwenye boma la marehemu mama yako. Mtu hahami bila sababu, na sababu ni mali ya mwenyewe. Naandika kwa kuwa nafasi ya kushoto kwangu iko wazi kila Jumapili, na nimeona ni vibaya niwe naisema kwa Sandra tu, wewe usiisikie.

Kiswahili changu nilikiokota katika jiko la jeshi nikiwa mpishi. Chako ulikiokota kwa marehemu mumeo Saturnino alipokuwa akiendesha malori ya Kongo. Viswahili hivyo viwili vya njiani vimehubiri pamoja miaka kumi na mmoja, mimi nasema, wewe unakigeuza Kikakwa, na ndugu zetu waliotoka ng'ambo ya mpaka wanaitikia. Sasa anatafsiri Paulino. Anajitahidi. Jumapili iliyopita nilisema sentensi ndefu kuhusu safari ya jangwani, nikaishiwa pumzi, Paulino akasema neno moja, watu wakaitikia amina. Mpaka leo sijajua ni neno gani.

Nakumbuka mambo mengine madogo. Ulivyokuwa ukinikanyaga mguu nikianza kurudia hadithi niliyokwisha kuisimulia. Ulivyomlea Alice, na Alice alivyokua mpaka akakupita urefu, akawa anakusukia nywele kwenye benchi la nje kabla ya ibada. Na kile kikapu. Kila mwezi wa saba umeleta kikapu cha maharage ya kwanza, ukakiweka kando ya meza ya Bwana, ukasema polepole, nisikie mimi tu: "Haya ni ya Santa." Hukukosa hata mwaka mmoja. Mwaka ule wa jua kali ulileta kikombe kimoja, na bado ulisema maneno yaleyale. Sijamwona mtu anayemkumbuka dada yake namna hiyo. Siku ukipata uzito wa moyo, nakuomba ukumbuke kwamba mtu mmoja alikiona kikapu kile.

Kama unasali hapo Abuku, tunafurahi pamoja nawe. Si lazima urudi Oli ndipo uwe wetu. Kama husali popote kwa sasa, bado ni wetu. Hakuna orodha ninayoiangalia.

Igga wa taksi hupita Koboko kila Jumanne na Ijumaa. Ukitaka nije kukutembelea, mwambie aniletee neno "aje". Ukitaka nisije, mwambie "salamu tu", nami nitaelewa. Sitaumia, na nikiumia nitaumia kimyakimya.

Sandra anasema nikuambie kwamba mche wa mpera uliompa umeshika.

Ndimi wako katika Bwana,
Mchungaji Acidri
(Muhuri wa kanisa)


Kanisa la Abuku, Koboko
Jumatatu, 11 Machi 2024

Kwa Mchungaji Acidri, Oli.

Mheshimiwa Baba Mchungaji,

Salamu nyingi kutoka kwa waumini wote wa Abuku, wazee, akina mama na kwaya.

Nia ya barua hii ni kukujulisha kwamba barua yako imefika salama. Igga aliniletea siku ya Ijumaa saa nne, nikiwa napiga plasta ukuta wa kanisa. Bahasha ilikuwa na jina la Mama Kevina, lakini nilipoifungua niione ni ya nini, nikaona muhuri. Hapo nikajua kazi yangu. Unajua utaratibu wetu huku: barua haina muhuri ni ya mutu, barua iko na muhuri ni ya kanisa, na barua ya kanisa inasomwa wakati wa matangazo. Aliyetutangulia alianzisha hivyo ili viongozi wasifiche barua za makao makuu, maana zamani kulikuwa na tabia hiyo. Mimi sina.

Kwa hiyo jana niliisoma yote, kwa Kiswahili na kisha kwa Kikakwa, mstari kwa mstari, bila kuruka. Nilisimama mahali pa juu. Baba Mchungaji, watu walisikiliza sana. Kwenye habari ya Paulino walicheka. Kwenye kikapu cha maharage wazee wawili walitoa vitambaa. Mwisho walipiga makofi. Mzee mmoja alisema kwamba kama barua zote za viongozi zingekuwa hivi, watu wasingekimbia makanisa.

Mama Kevina mwenyewe hakuwepo, kama unavyojua yeye haingii kanisani siku hizi, na hilo lilirahisisha kusoma. Lakini binti yake Alice alikuwepo katika kwaya. Aliondoka kabla ya baraka. Nadhani alikwenda kumpelekea mama yake habari njema.

Barua yenyewe nilikuwa nimeitia katika faili la kanisa, faili la kijani. Mama Kevina alikuja leo asubuhi kuiomba. Nilimruhusu aisome hapo hapo mlangoni. Alipomaliza aliikunja akaondoka nayo, hakunisikia nilipomwita. Kwa hiyo faili sasa liko na nafasi. Ukipata nakala nyingine, naomba ututumie.

Ni mimi mtumishi wako,
Sebit Yengi
Kiongozi wa kanisa, Abuku


Abuku
Alhamisi, 14 Machi 2024

Mchungaji,

Barua yako nimeipata. Nimeipata mwisho, baada ya Abuku nzima, lakini nimeipata. Mwanamke anayeuza vitumbua barabarani aliniamkia Jumatatu akaniambia hongera kwa mpera. Alice alikuwa ameniambia ya kikapu tu, nikafikiri ni salamu mpya.

Simlaumu Sebit. Umempa muhuri, angefanya nini? Ungeupiga muhuri ule kwenye gunia la muhogo angelisoma pia.

Ni barua nzuri. Nimetafsiri maneno ya watu miaka mingi, najua sentensi inayokuja na fimbo nyuma yake. Hii haina. Hukuniuliza nimekosa Jumapili ngapi. Hukunitisha. Hukusema "lakini". Nimeisoma mara tatu nikitafuta lawama, sikuiona. Ya kwangu haimo, na ya kwako pia haimo. Ndiyo sababu ninakuandikia.

Nakumbusha, maana naona umesahau. Mwaka juzi, siku tulipokuwa tunachambua maharage barazani kwenu, Sandra akiwa hospitali, nilikuambia jambo la dada yangu Santa. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuambia kwamba wakati mwanawe Alice ana miaka mitatu, na yuko huku Abuku kwa bibi yake, Santa alitoka kwa mume wake akiwa mgonjwa, anakohoa, akaja kwangu Oli saa nane mchana akabisha. Nilikuwa ndani. Watu walisema ugonjwa ule unaambukiza, nami nilikuwa nimetoka kuzika mtoto wangu wa kwanza. Nilisikia sauti yake. Nilisikia kikohozi. Nikakaa kitandani nikashika mdomo wangu. Alikaa kwenye ngazi kidogo, kisha akapanda lori la Koboko, na siku ya sita akafa katika nyumba ya mama. Mimi nikasema kwa wote: nilikuwa shambani kule Ayivu. Nikamchukua Alice nikamlea. Alice naye alikua na neno hilo hilo: mama yako alikuja, mimi nilikuwa shambani.

Ulinisikiliza vizuri siku ile. Ulisema Mungu amesikia. Nikaenda nyumbani nikiwa mwepesi.

Sasa Oktoba iliyopita ulihubiri habari ya kubisha na kufunguliwa. Ukafika katikati, nikaona umeweka Biblia chini, na ukiweka Biblia chini ninajua hadithi inakuja. Nikajiandaa kukukanyaga mguu. Ukasema: "Kulikuwa na mwanamke mmoja, katika mji wa mbali." Nikatafsiri. Ukasema: "Dada yake mgonjwa alikuja, akabisha mlango." Hapo ndipo nilijua. Nikatafsiri. Kazi ya mtafsiri si kuchagua, wewe mwenyewe ulinifundisha, na watu mia mbili walikuwa wanatazama mdomo wangu. Ukasema: "Yule mwanamke alikuwa ndani. Alisikia. Akanyamaza."

Nikasema kwa Kikakwa: yule mwanamke alikuwa shambani.

Ukangoja nimalize, ukaendelea. Hungeweza kujua, Kikakwa chako kinaishia kwenye salamu na chakula. Wanaojua lugha zote mbili walidhani nimechoka. Mmoja aliniambia baadaye nikapumzike, jua ni kali. Katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kugeuza neno lako, hata uliposema upuuzi. Niligeuza moja.

Alice alikuwa benchi la tatu. Anasikia Kiswahili, anasikia Kikakwa. Mchungaji, kama ningetafsiri kweli, angesikia hadithi ya mwanamke wa mbali na angekwenda nyumbani kupika. Uongo wangu ndio uliomwonyesha. Alisikia kwako "ndani", akasikia kwangu "shambani", neno lile lile aliloambiwa tangu utoto, kwa sauti ile ile. Niliona uso wake ukijifunga.

Hakulia. Jioni alikunja nguo zake. Akaniambia, "Mama mdogo, ninaenda Abuku kwa mama yangu." Santa ndiye anayelala huku, nyuma ya boma. Tangu nilipomchukua, Alice alikuwa ananiita mama. Sasa ni mama mdogo, na ni sahihi, mimi ni mdogo wa mama yake. Sina hata mahali pa kulalamika.

Nikamfuata. Watu niliwaambia ninafuata kilimo. Tunakaa boma moja, jiko lake na jiko langu, ananiamkia kila asubuhi kwa adabu, kama mgeni anayemwamkia mke wa askari. Kanisani sikuweza tena. Nikisikia mtu anahubiri, mdomo wangu unaanza kutafsiri wenyewe, na ukifika mahali unakwama.

Halafu inakuja barua yako, mwanzo wake "Mpendwa Mama Alice", inasomwa mbele ya Alice.

Jumapili ile alikuja jikoni kwangu na kitenge cha kwaya bado kiko mabegani. Nilikuwa nachagua mbegu. Alisema, "Barua yako imesomwa." Nikafikiri jua limempiga. Akasema, "Kikapu cha maharage. Cha kila mwaka. Mbona hukuniambia ni cha mama?"

Nikamwambia, "Ningekueleza kikapu, ungeniuliza mlango."

Akasimama hapo. Kisha akaondoka. Ndiyo maneno marefu kuliko yote tuliyozungumza tangu Oktoba, na yametoka katika barua yako iliyosomwa kwa makosa. Sijui nikushukuru au nikutupie jiwe.

Sikukuambia "aje", na sikukuambia "salamu tu". Nimemwambia Igga asubiri.

Kevina Eyotaru


Oli, Arua
Ijumaa, 22 Machi 2024

Dada yangu Kevina,

Barua hii haina muhuri. Muhuri nimeufungia kabatini. Igga ameapa kwamba ataiweka mkononi mwako tu. Igga huapa kirahisi, kwa hiyo nimeishona bahasha kwa uzi. Ukiona uzi umekatwa, mshike Igga.

Barua yako hakuna aliyeisoma ila mimi. Sandra ameniuliza mbona sili. Nimesema ni jino.

Nilikuwa nimesahau. Nalisema la kwanza kwa kuwa ndilo baya kuliko yote. Hadithi yako sikuisahau. Nilisahau kwamba ni yako. Ilikaa kichwani, ikapoteza jina lake, na asubuhi ile ya Oktoba nikitafuta mfano nikaikuta imekaa tayari kama sufuria safi. Nikajiona mwangalifu: nikabadilisha mji, nikaondoa lori, nikaondoa mtoto uliyemzika. Nilikuwa nimemficha yule mwanamke kwa watu wote kanisani isipokuwa mmoja, na huyo nilikuwa nimemsimamisha kushoto kwangu.

Nikaupa mdomo wako uiseme. Nimefikiri sana juu ya hilo. Mpishi wa jeshi anajua kwamba kuna ng'ombe huwezi kumwomba mwenye mali amchinje mwenyewe. Mimi sikukuomba. Nilisema tu sentensi, nikangoja uimalize, na uliponyamaza kidogo kabla ya ile ya tatu, nakumbuka sasa, nilifikiri umeguswa na mahubiri. Nilifurahi, Kevina. Niliendelea kwa sauti kubwa zaidi.

Nataka nikuambie jinsi nilivyoiandika ile barua ya kwanza, kwa sababu unaisifu, na kosa langu liko humo pia.

Baraza la kanisa lina barua yake kwa mtu aliyeacha kuja. Imepigwa chapa zamani, unajaza jina na idadi ya Jumapili. Ya kwanza inakumbusha, ya pili inaonya, ya tatu inakuondoa kitabuni. Nilikataa. Nikaandika ya mkono. Mara ya kwanza niliandika "tangu Oktoba", Sandra akachukua kalamu akafuta, akasema mtu akihesabiwa siku anajiona yuko mahabusu. Niliandika kwamba tunaomba urudi. Akafuta, akasema hapo unampa mzigo wa maombi yetu. Nilikuwa nimeweka habari ya kondoo aliyepotea. Hiyo niliifuta mwenyewe, maana nani anapenda kuitwa kondoo? "Lakini" zilikuwa tatu, zote zikaondoka. Sandra akasema, mwandikie kitu ulichokiona kwake wewe mwenyewe, kisichoweza kuandikwa kwa mtu mwingine. Nikaweka kikapu. Akasema, halafu umwachie njia ya kusema hapana bila aibu. Nikaweka Igga.

Ilikuwa na mstari mmoja zaidi, karibu na mwisho. Niliandika: "Na kama ni mimi niliyekukosea, niambie." Sandra aliuacha. Mimi ndiye niliyeufuta. Nilikaa nao asubuhi nzima nikijichunguza, nikasema sina kosa kwa Mama Alice, nikiuacha utakuwa ni unyenyekevu wa bandia. Nikaukata, nikaandika upya kwa mwandiko mzuri, na kwa kuwa mwandiko ulikuwa mzuri nikapiga muhuri. Barua iliyo na heshima huwa na muhuri, ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Sikufikiria faili la kijani.

Ulisema lawama yangu haimo. Ilikuwemo. Niliikata. Sasa nairudisha mahali pake: nimekukosea. Ulinipa jambo la siri, nikalitumia bila kukuomba. Nilikuachia ulibebe mbele ya watu. Mtoto ameacha kukuita mama kwa sababu yangu. Na miezi yote hii nilikuwa nakuonea huruma kama mtu aliyepatwa na jambo fulani, nisijue kwamba jambo lenyewe ni mimi.

Nataka kusimama mbele ya watu wa Oli, Jumapili ya Pasaka au utakayosema wewe, niungame kwamba nilimsaliti mshirika aliyeniamini. Safari hii naomba ruhusa kwanza. Ukisema ndiyo, nitasema. Nangoja neno lako.

Acidri


Abuku
Jumapili, 7 Aprili 2024

Mchungaji,

Uzi haukukatwa. Lakini Igga alisimama na bahasha yako sokoni Koboko akiwaonyesha watu jinsi ulivyoshona, kwa hiyo Abuku wanajua kwamba Mchungaji wa Oli sasa anashona barua. Sebit amekuja kuniuliza kama ni utaratibu mpya. Nimemwambia bado unajaribiwa.

Neno langu ni hapana. Usiungame.

Fikiri kidogo. Ukisimama ukasema nilimsaliti mshirika, watakwenda nyumbani wakihesabu: ni nani, ni lini, hadithi gani. Jioni watakuwa wamefika kwa mwanamke wa mji wa mbali. Kesho yake watakumbuka ni nani alikuwa anatafsiri. Wewe utalala vizuri na mimi nitakuwa uchi. Najua ni vigumu kukaa na kosa bila kulitoa nje. Mimi nilikaa nalo miaka ishirini na mmoja. Utazoea kidogo, usizoee sana.

Lawama yako nimeipokea. Ilinichukua siku tisa. Nilikuwa naisubiri tangu Oktoba, na ilipofika niliona si kubwa kama nilivyoiweka. Nyingine ni yangu, na yangu ni ya zamani zaidi. Siwezi kusema imekwisha. Nikikumbuka ulivyopandisha sauti baada ya ile sentensi ya tatu bado naweka chini ninachokishika. Lakini barua ya pili imeandikwa na mtu ninayemjua. Ile ya kwanza iliandikwa na mtu mwema, na mimi sikuwa na haja na mtu mwema.

Nikuambie ya Alice, maana najua ndilo unalotaka kuuliza na Sandra angelifuta.

Jumamosi kabla ya Pasaka alikuja na kigoda chake, akakaa. Akasema, "Ya Mchungaji nimesikia. Sasa nisikie yako." Nikamwambia yote, kwa Kikakwa, bila mtu wa kunitangulia. Nilipofika mahali pale nilikwama, kama kawaida. Alingoja. Nikasema: nilikuwa ndani. Sikufa. Mbuzi waliendelea kula.

Akaniuliza, "Alibisha mara ngapi?"

Katika mahubiri ulisema mara mbili. Sikumbuki kama nilikuambia hivyo au ulijazia. Nikamwambia, "Mara tatu."

Akasema, "Na ulisikia zote."

Nikasema zote.

Alichukua kigoda chake akaenda. Siku nne hakuniamkia, na nikaona hata ile adabu ya mke wa askari ilikuwa kitu. Sikuthubutu kumfuata. Siku ya tano tulipanda maharage, yeye mstari wake, mimi mstari wangu, na mvua ilipotukimbiza aliingia jikoni kwake, mimi kwangu.

Sitarudi Oli, Mchungaji, usiniwekee nafasi ya kushoto. Mfundishe Paulino, na ukitaka kusimulia habari ya mtu, simulia yako. Ya jeshi unazo nyingi na hazijamuua mtu. Jumapili hii niliingia kanisani hapa, nikakaa nyuma karibu na mlango. Sebit anahubiri kwa Kikakwa peke yake. Neno linasemwa mara moja tu kisha linakwenda. Niliona ni jambo geni, lakini linapumzisha.

Kwa hiyo nakuomba barua ya utambulisho, ya kunihamisha kutoka kitabu chenu kwenda kitabu cha Abuku. Iandike fupi, jina na miaka na kwamba sina deni la nidhamu. Hiyo ipige muhuri, piga hata miwili, waisome kwa sauti wachoke. Humo niandike Kevina Eyotaru. Lile jina jingine nitalitumia siku mwenyewe akilirudisha, na sijui kama atalirudisha.

Ukiniuliza kwa nini sirudi hata kutembea, sababu ni hii. Jiko langu halina mlango, unalijua, ni nguzo nne na nyasi. Mtu anaingia tu. Tangu siku ile ya mvua, Alice akija kuomba moto au chumvi, haingii. Anasimama nje, anagonga nguzo kwa vidole. Mara tatu, polepole, moja baada ya nyingine, akinitazama.

Mimi ninaitika kwenye ile ya kwanza. Anamaliza zote hata hivyo. Kisha anaingia.

Nikiondoka, akigonga ataitikiwa na nani?

Msalimie Sandra. Mpera aunyweshe jioni, asiunyweshe mchana.

Kevina